Riba ya mteja anayechelewa kulipa: lini ni mapato, lini ni dai tu

*"Tunauza vifaa vya umeme kwa wakandarasi na hoteli hapa Nairobi, na wateja wetu wawili ni serikali za kaunti. Ankara zetu zinasema deni likipita siku 30 linatozwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Kompyuta imekuwa ikiongeza riba hiyo yenyewe, na kufikia Desemba imefika shilingi 1,140,000. Mkurugenzi anasema ni mapato yetu kwa kuwa mkataba upo. Mkaguzi anataka tuitoe yote. Tumfuate nani?" – Mhasibu, Industrial Area*

Mfuateni mkaguzi, ila hilo neno "yote" mlipime kwanza, mteja mmoja baada ya mwingine. Ndani ya kiasi hicho huenda kuna sehemu ndogo inayostahili kubaki, na ni kazi yako wewe mhasibu kuitafuta na kuiwekea ushahidi. Iliyobaki itoke kwenye mapato na iandikwe katika daftari la kumbukumbu, ambako dai litaendelea kuishi bila kuigusa faida.

Mkurugenzi wako ana hoja, tena si ya kupuuzwa. Kama mteja alikubali asilimia 2, basi kila mwezi unaopita dai lenu linakua. Lakini kampuni nyingi za binafsi hapa kwetu hutayarisha hesabu kwa kiwango cha kimataifa cha biashara ndogo na za kati, na toleo lake la mwaka 2015 linaweka masharti mawili kabla riba haijaitwa mapato: iwe inaelekea kwamba pesa zitaingia, na kiasi chake kiweze kupimwa kwa kuaminika. Mkataba unasaidia sharti la pili. Kuhusu la kwanza hausemi kitu, kwa sababu mkataba haujui kama mkandarasi wako ana tabia ya kulipa riba au huitupa karatasi.

Wanaotumia viwango kamili vya kimataifa hufika karibu na hapo kwa njia nyingine. Kiwango namba 15, kinachohusu mapato kutoka mikataba na wateja, kinataka kiasi kisicho cha uhakika kiingizwe kwa kadiri ile tu ambayo kuna uwezekano mkubwa sana kwamba haitakuja kufutwa baadaye. Toleo jipya la kiwango cha biashara ndogo, lililotolewa Februari 2025 na litakaloanza rasmi Januari 2027, linafuata mkondo huo huo. Kwa hiyo msidhani mabadiliko hayo yatawafungulia mlango. Na hata benki, ambazo riba ndiyo biashara yenyewe, hutakiwa na Benki Kuu ya Kenya kuisimamisha riba ya mkopo uliokaa siku 90 bila kulipwa, ikae kwenye akaunti yake ya pembeni. Muuza nyaya na swichi ana sababu zaidi ya kufanya hivyo.

Nikupe kisa cha mfanyabiashara wa nondo na mabati wa Lunga Lunga Road ambaye vitabu vyake nilivishika miaka kadhaa. Tarakimu nimezikata ili zifuatike kwa urahisi.

Mkandarasi mmoja anayejenga maghorofa ya kupangisha alichukua mali ya shilingi 1,500,000. Ankara ilipaswa kulipwa kufikia tarehe 3 Machi, na masharti yalikuwa kama yenu, asilimia 2 kwa mwezi. Pesa zilifika tarehe 3 Septemba, miezi sita kamili baadaye. Riba ya mwezi mmoja ni shilingi 30,000, kwa hiyo miezi sita ni 180,000. Lakini nilipofungua leja ya mteja huyo nikakuta riba ya shilingi 189,244. Kompyuta ilikuwa inatoza riba juu ya riba: mwezi wa pili ilihesabu asilimia 2 ya 1,530,000, mwezi wa tatu ikapandisha tena, hivyo hivyo hadi Septemba. Hakuna mahali popote kwenye masharti palipotaja riba juu ya riba. Zile shilingi 9,244 za ziada hazikuwa hata dai halali, achilia mbali mapato. Hiki ndicho kitu cha kwanza ningekuomba ukikague katika ile 1,140,000 yako. Chukua ankara moja ya zamani, ihesabu kwa mkono, ulinganishe.

Cha pili kiliniudhi zaidi. Mkandarasi alituma shilingi 1,500,000 kamili kupitia benki, na kwenye maelezo akaandika namba ya ankara. Mfumo ukapokea pesa hizo na kuzigawa wenyewe: kwanza ukalipa riba ya 189,244, kisha zilizobaki, 1,310,756, ukazipeleka kwenye ankara. Ankara ikabaki wazi kwa shilingi 189,244, na mwezi uliofuata ikaanza kutozwa riba upya. Mteja aliyemaliza deni lake la mali akaendelea kuonekana mdaiwa sugu. Karani wa madeni akampigia simu kumdai ankara aliyokwisha kuilipa, na mtu yule, kwa haki kabisa, akakasirika.

Kisheria, anayelipa ndiye mwenye haki ya kwanza kusema analipia nini, na yeye alikwisha kusema. Malipo yale yalikuwa ya ankara. Tulipoyarudisha mahali pake, ankara ikafungwa, na dai lililobaki likawa moja tu, lililo wazi: riba ya shilingi 180,000.

Je, hiyo 180,000 ilikuwa mapato ya Septemba? Hapana. Na hapa ndipo wengi huteleza, kwa hoja inayosema, "Amelipa milioni moja na nusu, atashindwaje kulipa laki na themanini?" Uwezo anao. Nia ndiyo swali. Kulipa deni la mali si ushahidi wa kulipa riba, kwani mali aliipokea na nondo ziko ndani ya zege, lakini riba anaiona kama adhabu na ataipinga. Nilipekua faili lake la miaka mitatu. Alikuwa amechelewa mara tano, akatozwa riba mara tano, na hakuna hata mara moja alipoilipa. Mara mbili mwenye duka mwenyewe aliifuta kwa simu ili apate oda nyingine, na hakuna aliyeandika popote. Kwa mteja wa namna hiyo, riba ya kwenye vitabu ilikuwa shilingi sifuri, na dai kwenye daftari la kumbukumbu shilingi 180,000.

Kisha mambo yakasogea. Tulimwandikia barua yenye hesabu ya mwezi kwa mwezi, tukaambatisha fomu ya kufungua akaunti aliyoisaini mwenyewe, yenye masharti ya riba. Akaja ofisini. Yeye na mwenye duka walibishana, wakaelewana kwa nusu: shilingi 90,000. Makubaliano yakaandikwa na kusainiwa tarehe 21 Novemba, pamoja na hundi ya tarehe 15 Januari. Mwaka wa hesabu ulikuwa unaishia tarehe 31 Desemba.

Niliingiza shilingi 90,000 kama mapato ya mwaka ule, lakini niliamua hivyo Januari, hundi ilipopita benki, kabla hesabu hazijasainiwa. Kufikia Desemba mteja alikuwa amelikubali deni kwa maandishi na kiasi kilijulikana kwa shilingi. Hundi kupita kulithibitisha jambo lililokuwepo tayari tarehe 31 Desemba. Kama makubaliano yenyewe yangefanyika Januari, ningeyaacha yawe mapato ya mwaka mpya, kwa kuwa Desemba kulikuwa na ubishi tu. Na kama hundi ingerudi, nisingeingiza kitu, kwa sababu historia ya mteja huyu ilinitaka ning'ang'anie pesa mkononi. Kwa mteja mwenye rekodi safi saini peke yake ingenitosha.

Zile 90,000 nyingine zilizosamehewa hazikuhitaji ingizo lolote. Hazikuwahi kuingia kwenye mapato, basi hakukuwa na cha kufuta. Kwenye daftari la kumbukumbu tuliandika "imesamehewa, 21 Novemba", na jina la aliyeidhinisha.

Sasa rudi kwenye orodha yako. Kabla ya kumtazama mteja yeyote, fanya hesabu moja ya kampuni nzima: kwa miaka miwili au mitatu iliyopita, riba iliyotozwa ni kiasi gani, na pesa taslimu zilizoingia kwa jina la riba ni kiasi gani. Itafute kwenye taarifa za benki na za M-Pesa, usiitafute kwenye leja, maana leja ndiyo iliyoharibiwa na ule mgawanyo wa malipo niliokueleza. Mkikuta mlitoza laki kumi mkapata elfu sitini, jibu mnalo: riba yenu ni fimbo ya kuwahimiza wateja, wala si chanzo cha mapato. Fimbo ina faida yake, lakini haiandikwi kwenye taarifa ya faida na hasara.

Baada ya hapo, kwa kila mteja, angalia kama kuna karatasi inayoonyesha alikubali riba kabla ya kupokea mali. Ukisema "ankara zetu zinasema", mimi huanza kuingiwa na wasiwasi. Ankara hufika pamoja na mali au baada yake, na mteja anaweza kusema mapatano yalikwisha kufungwa kwa nukuu ya bei na oda ya ununuzi, ambazo hazikutaja riba. Sharti lililochapwa kwa herufi ndogo chini ya ankara ni dhaifu kuliko fomu ya akaunti yenye saini. Ukikosa karatasi hiyo, riba ya mteja huyo isubiri pesa taslimu, hata kama ni rafiki wa mkurugenzi.

Ikiwepo, tafuta alivyojibu. Mkaguzi hutuma barua za kuthibitisha salio, na barua hizo ni hazina. Mteja akijibu kwamba anadaiwa shilingi 800,000 na nyinyi mnaonyesha 864,000, na tofauti ya 64,000 ni riba tupu, amewaambia msimamo wake. Akithibitisha 864,000 bila kupinga, na huko nyuma amewahi kulipa riba, hapo una sababu ya kuiacha ibaki. Kwa uzoefu wangu hoteli zenye ofisi ya uhasibu iliyopangika ndizo zinazoweza kuangukia kundi hili, kwa kuwa riba ikithibitishwa na mhasibu wao huingia kwenye mpango wa malipo kama deni lolote. Na ikiwa deni lenyewe la mali lina shaka, usihangaike kupima riba yake. Haiwezekani uwe na hakika ya mtoto huku una wasiwasi na mama.

Kaunti zinahitaji neno la peke yake. Hapa haki yenu ni kubwa kuliko kwa mtu binafsi: Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, kifungu cha 140, inasema taasisi ya umma inayochelewa italipa riba, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine, na kiwango kinafuata wastani wa riba za mikopo ya benki kama unavyotolewa na Benki Kuu. Kwa hiyo someni mkataba kwanza. Ukiwa kimya kuhusu riba, ile asilimia 2 ya kwenye ankara yenu haina nafasi, na kiasi mlichohesabu tayari kina kasoro.

Lakini hata kikihesabiwa sawasawa, haki hiyo iko mbali na pesa. Kaunti hulipa kutoka bajeti iliyopitishwa, na riba ya ankara yako kwa kawaida haimo ndani yake. Hata ukienda mahakamani ukashinda, sheria ya kesi dhidi ya serikali hairuhusu mali ya serikali ikamatwe na dalali. Nimewaona wafanyabiashara wakisubiri deni la msingi kwa miaka, wengine wakiuza gari kulipa mkopo wa benki uliowanunulia ile mali, na inauma kuona wakitozwa kodi juu ya riba ambayo hakuna aliyewahi kuwaahidi kuilipa. Kwa kaunti, isubirini hadi ilipwe, au angalau hadi iidhinishwe kwa maandishi pamoja na fedha zake. Barua ya afisa inayosema "madai yako yanashughulikiwa" haitoshi.

Hiyo kodi niitaje kwa hesabu, kwa sababu ndiyo itakayomgusa mkurugenzi. Hesabu ya kodi ya kampuni huanzia kwenye faida ya vitabu, na kiwango ni asilimia 30. Mkiiacha 1,140,000 yote iwe mapato, kodi yake ni shilingi 342,000, inayolipwa kwa pesa halisi juu ya pesa ambazo hazijaja. Mtu hudhani ataifuta baadaye kama deni baya na kurudishiwa nafuu. Si rahisi hivyo. Mwongozo wa Kamishna wa mwaka 2011 kuhusu madeni mabaya unataka uonyeshe kwamba umepita hatua zote za busara za kudai na zikashindikana. Kwa riba mliyoisamehe wenyewe kwa simu, hatua hizo mtazionyesha wapi?

Na angalia kama kompyuta imekuwa ikitoa riba hiyo kama ankara za kawaida kupitia eTIMS. Ikiwa ndivyo, KRA inaziona kama mauzo, na kuziondoa kwenye leja peke yake kutaacha tofauti utakayoulizwa. Zitahitaji kufutwa kwa krediti noti huko huko. Dai la riba ambalo bado halina hakika lipelekwe kwa barua na jedwali la hesabu.

Upande wa mfumo, zima ile sehemu inayoingiza riba yenyewe kwenye leja. Fungua jedwali la kawaida lenye jina la mteja, namba ya ankara, tarehe ya kulipa, siku zilizopita, riba ya kawaida isiyo juu ya riba, tarehe ya barua ya madai, na jibu lake. Lisasishe kila mwisho wa mwezi. Mteja mmoja anapofikia hakika ya kutosha, ndipo unapoingiza: akaunti ya wadaiwa wa riba kwa upande wa debiti, na mapato mengine kwa upande wa krediti. Akaunti hiyo iwe peke yake. Ukiichanganya na wadaiwa wa mauzo, orodha ya umri wa madeni itakudanganya, na mauzo yako ya mwezi yatavimba kwa kitu ambacho si mauzo.

Kusahihisha kunategemea riba iliingizwa lini. Iliyoingizwa mwaka huu, ambao hesabu zake hazijafungwa, igeuze tu: punguza mapato, punguza wadaiwa. Kama sehemu yake iliingia miaka iliyokwisha kukaguliwa, ile haikuwa makadirio yaliyokosea kidogo, ilikuwa kosa. Ikiwa ni kubwa kiasi cha kubadilisha picha ya hesabu, tarakimu za mwaka uliopita zirekebishwe na maelezo yatolewe. Ikiwa ndogo, elewana na mkaguzi muimalizie mwaka huu. Hali hii ni tofauti na ya riba iliyoingizwa kwa ushahidi mzuri, kisha mteja akafilisika baadaye. Hiyo hairudi kupunguza mapato. Inaandikwa kama gharama ya deni baya, kwa sababu siku ilipoingizwa ilistahili.

Kwa mkurugenzi, nadhani anachoogopa ni kwamba ikitoka kwenye mapato itakuwa imesamehewa. Mwonyeshe jedwali. Dai la mkataba linaweza kupelekwa mahakamani ndani ya miaka 6, na vitabu kukaa kimya hakulifuti. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kwenda kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka iyaamue ndani ya siku 60, na jedwali lenye tarehe na barua litamsaidia zaidi pale kuliko leja iliyojaa riba juu ya riba. Lakini alichokisamehe kwa simu akiandike siku hiyo hiyo na akisaini. Nani amesamehewa nini, hilo mhasibu hawezi kulibuni mwisho wa mwaka.

Kwenye maelezo ya hesabu, mkaguzi atataka sera yenu iandikwe. Mnaweza kumpelekea hii: "Riba inayotozwa wateja kwa kuchelewa kulipa huingizwa kwenye mapato pale ambapo haki ya kuidai ipo kimkataba au kisheria, kiasi chake kimejulikana, na kuna hakika ya kuridhisha kwamba italipwa, kwa kuzingatia mteja kulikubali deni hilo na historia yake ya kulipa riba. Kabla ya hapo huwekwa kwenye kumbukumbu nje ya vitabu." Kisha mpeleke pia jedwali la wateja mliowaacha kwenye mapato, kila mmoja na karatasi yake ya ushahidi nyuma, kabla hajaja kuliuliza.